Jinsi ya kusoma mchoro wa msitu: mfano wa tafiti tatu za tohara na VVU

Mchoro wa msitu ni ile picha ya miraba na almasi unayoikuta kwenye makala zinazojumlisha matokeo ya tafiti kadhaa. Wasomaji wengi hukimbilia almasi iliyo chini kabisa, na mengi ya maana huwapita. Tuusome mmoja taratibu, ule unaohusu swali kama tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa VVU.

Tafiti zenyewe ni tatu: Orange Farm nchini Afrika Kusini, iliyochapishwa 2005, kisha Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda, zote 2007. Katika kila moja wanaume waligawanywa kwa nasibu. Kundi moja lilitahiriwa mara moja, jingine likaambiwa lisubiri. Namba zilizochapishwa ni hizi, na jumla ni ya mapitio ya 2009 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za afya:

```
Orange Farm   0.40 (0.24–0.68)
Kisumu        0.47 (0.28–0.78)
Rakai         0.49 (0.28–0.84)
Jumla         0.46 (0.34–0.62)
```

Chukua karatasi uchore huku ukisoma.

Hatua ya 1: Tafuta mstari wima. Huo ndio mstari wa "hakuna tofauti". Hapa tunapima uwiano wa hatari, yaani hatari ya waliotahiriwa ikigawanywa kwa hatari ya waliosubiri, kwa hiyo mstari unasimama kwenye 1. Kama kingepimwa kitu kama tofauti ya shinikizo la damu, ungesimama kwenye 0. Kisha soma maandishi yaliyo chini ya mhimili, kwa sababu upande wa kushoto si mzuri siku zote. Ikiwa kinachohesabiwa ni waliopona, kushoto ni habari mbaya. Hapa tunahesabu maambukizi, basi kushoto ni nafuu.

Hatua ya 2: Soma kila mstari mlalo. Katikati ya mraba ndipo palipo makadirio ya utafiti. Mstari unaoupitia ni masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani thamani zinazopatana na data iliyokusanywa. Kisumu inasema hatari ilishuka hadi 0.47, ila data yake inapatana pia na 0.28 au 0.78. Mstari mlalo ukikata ule wima, usiandike "tiba haifanyi kazi". Maana yake ni kwamba utafiti huo peke yake haujaondoa uwezekano wa kutokuwepo tofauti, na mara nyingi sababu ni udogo wake.

Hatua ya 3: Linganisha ukubwa wa miraba. Mraba mkubwa ni utafiti wenye uzito zaidi katika jumla. Hapa inafaa kutulia kidogo. Rakai iliandikisha wanaume 4,996 na Kisumu 2,784, kwa hiyo ungetarajia mraba wa Rakai uwe mkubwa zaidi na mstari wake mfupi zaidi. Sivyo. Rakai walipata maambukizi mapya 67 (22 kwa waliotahiriwa, 45 kwa waliosubiri), na Kisumu 69 (22 na 47). Orange Farm, yenye wanaume 3,274, nayo ilipata 69. Katika matokeo ya namna hii uzito hutokana zaidi na idadi ya matukio kuliko idadi ya watu, ndiyo maana miraba hii mitatu inakaribiana.

Hatua ya 4: Je, tafiti zinakubaliana? Teremsha jicho kutoka mraba wa juu hadi wa chini. Yote imesimama karibu na 0.4 hadi 0.5, na mistari yao imefunikana kwa sehemu kubwa. Kipimo cha utofauti kati ya tafiti, `I²`, kilikuwa 0%, yaani hakikuona tofauti zaidi ya zile za bahati tu. Nakitegemea kwa tahadhari, maana kwa tafiti tatu tu hakina nguvu ya kugundua mengi. Macho yako yaje kwanza. Kama miraba ingekuwa mingine kushoto na mingine kulia kabisa, almasi ingekuwa wastani wa vitu visivyofanana, na swali lako lingekuwa kwa nini vimetofautiana.

Hatua ya 5: Sasa soma almasi. Kitovu chake ni 0.46, na ncha zake mbili, 0.34 na 0.62, ndizo masafa ya uhakika. Ni nyembamba kuliko mistari yote ya juu, na ncha ya kulia iko mbali na 1. Hatari ilipungua kwa takriban asilimia 54. Kumbuka tu kwamba tafiti zote tatu zilisitishwa mapema baada ya nafuu kuonekana, na tafiti za aina hiyo huweza kukuza makadirio kidogo. Jambo hilo huwezi kuliona kwenye mchoro. Litafute kwenye maelezo.

Hatua ya 6: Geuza uwiano uwe watu. Kisumu, katika miaka miwili, waliambukizwa takriban 4.2 kati ya kila 100 waliosubiri, na 2.1 kati ya 100 waliotahiriwa. Hao ni wawili waliokingwa kwa kila 100. Peleka almasi hiyohiyo mahali ambapo wanaoambukizwa ni 4 kati ya 1,000, na wanaokingwa watakuwa kama wawili kwa kila 1,000.