Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuandika Malengo ya Mradi: Mfano wa Hifadhi ya Mahindi

Anayeandaa andiko la mradi kwa mara ya kwanza huanza na kile anachotaka kukifanya, na ndiyo maana mahali pa lengo mahususi hukutwa sentensi kama hii: "Kutoa mafunzo kwa kaya 300 na kugawa mifuko 600 ya kuhifadhia mahindi." Hilo si lengo. Kufundisha na kugawa ni shughuli. Kaya zilizofunzwa na mifuko iliyofika mikononi mwao ni matokeo ya moja kwa moja ya shughuli hizo. Lengo ni badiliko litakaloonekana kwa wanakaya wenyewe baada ya hayo yote, yaani mahindi yao kukaa ghalani miezi kadhaa bila kuliwa na dumuzi na fukusi.

Kabla ya kuandika, basi, chukua kila sentensi uliyoiita lengo ujiulize kama inaweza kutimia yote na hali ya watu ikabaki ileile. Mifuko inayokusudiwa hapa ni ile isiyopitisha hewa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani na kiroba nje, ambamo wadudu hufa kwa kukosa hewa. Mifuko 600 inaweza kugawiwa na kusainiwa yote, kisha mwenye kaya akaweka mahindi ambayo hayajakauka vizuri yakaota ukungu, au plastiki ikatoboka kwa kuburutwa sakafuni na wadudu wakaendelea kula. Shughuli imekamilika, mifuko imehesabiwa, na mahindi yameharibika. Sentensi inayoweza kutimia hivyo irudishwe kwenye orodha ya shughuli au ya matokeo ya moja kwa moja. Usiifute, kwa kuwa bado inahitajika hapo.

Lipo pia kosa la upande wa pili, la kupanda juu mno. "Kuongeza kipato cha wakulima" ni badiliko la kweli, lakini bei ya mahindi hutegemea mavuno ya mikoa mingine na biashara ya mpakani, mambo ambayo kikundi hakiyamiliki. Liweke kuwa lengo kuu ambalo mradi unachangia, usilifanye lengo mahususi ambalo utadaiwa.

Jambo linalohitaji muda zaidi ni hali ya awali, kwa kuwa huwezi kuahidi kupunguza kitu ambacho hujakipima. Kipimo rahisi kwa mahindi ni kuchota punje kutoka juu, katikati na chini ya mfuko, kuzichanganya, kuhesabu 100 bila kuchagua, na kuona ni ngapi zimetobolewa. Kwa kiroba cha kawaida sampuli huchukuliwa kwa bambo, lakini mfuko usiopitisha hewa haupaswi kuchomwa bambo hata mara moja, kwa sababu tundu hilo litaingiza hewa. Fungua mdomo wake, chota kwa mkono, kisha ufunge upya mara moja. Zingatia na mwezi wa kupima. Uharibifu huongezeka kadiri mahindi yanavyokaa, kwa hiyo ukipima hali ya awali mwezi Januari na hali ya mwisho mwezi Agosti, muda mfupi baada ya mavuno, takwimu zitaonyesha mafanikio hata kama mifuko haikusaidia chochote.

Tuchukulie kwamba ulipima Januari 2027 katika kaya hizo 300 ukapata wastani wa punje 22 zilizotobolewa katika kila 100. Lengo sasa linaweza kuandikwa hivi: "Ifikapo mwisho wa Januari 2028, angalau kaya 200 kati ya kaya 300 zinazoshiriki ziwe na mahindi ya mavuno ya 2027 ambayo punje zilizotobolewa hazizidi 5 katika kila 100." Katika sentensi hiyo hakuna neno mafunzo wala neno mifuko, na mtu ambaye hakuwahi kufika kijijini anaweza kwenda na kusema limefikiwa au halikufikiwa.

Hata hivyo, zitakuwepo kaya zilizouza au kula mahindi yote kabla ya Januari, na lazima uamue mapema zitahesabiwaje. Mimi napendelea zibaki ndani ya zile 300 na zisihesabiwe kuwa zimefikia lengo, kwa kuwa kuziondoa hupandisha asilimia bila badiliko lolote kutokea. Ila anayefanya hivyo apange idadi lengwa akijua kwamba wapo watakaouza mapema, tena wakati mwingine kwa ajili ya ada za shule.

Mwisho, angalia bajeti kama ina fungu la nauli na posho za wapimaji kwa Januari zote mbili, na taja katika andiko nani atapima, ambaye asiwe yuleyule aliyegawa mifuko.