Kusoma analaiza kumsaka anayechafua aplinki: kisa cha busta ya Kibirizi

Wakuu, hii naandika kwa fundi ambaye ameshakabidhiwa spektramu analaiza na antena ya yagi, kaambiwa sekta fulani ina intafirensi nenda katafute, alafu anafika pale anawasha kioo kinajaa milima na mabonde hajui aanze na lipi. Nitatumia kazi moja tuliyoifanya hapa Kigoma, saiti iko mlimani juu ya Kibirizi, bendi ya 900, sababu ile kazi ilikuwa na karibu kila kitu.

Malalamiko yalikuwa yale yale ya siku zote, simu inaonyesha mistari imejaa lakini ukipiga haiendi, au unamsikia mwenzako yeye hakusikii. Hiyo ndo sura ya aplinki, yani njia ya simu kwenda mnarani, iliyochafuka: mnara simu inausikia vizuri, ila mnara haumsikii mtu. Kawaida kila kipande cha 180 kHz kina kelele ya asili kama -121 dBm, ongeza ile ya risiva yenyewe unapata kama -119. Sekta yetu inayoangalia ziwani ilikuwa imesimama kwenye -109, mchana na usiku, zile sekta nyingine mbili hazina shida.

Hatua ya 1: kabla hujatoka ofisini, angalia grafu ya siku kadhaa

Usikimbilie gari. Angalia kelele inapanda na kushuka lini. Ikipanda na trafiki ya sekta, yani jioni watu wakiwa wengi inapanda, alfajiri inalala, anza kushuku mnara wako mwenyewe, konekta iliyolegea au bolti yenye kutu inachanganya masafa ya daunlinki, yani yale mnara unapiga kwenda kwenye simu, na kuyarudisha kwenye aplinki. Yetu haikufuata trafiki kabisa. Ila usiku mmoja umeme ulikatika kuanzia saa mbili, mnara ukabaki kwenye betri, na grafu ikaporomoka mpaka -119 kama dakika arobaini hivi, umeme uliporudi na kelele ikarudi dakika ile ile. Hapo tulijua tunatafuta kifaa kimechomekwa ukutani kwa mtu, hakina betri, na hakizimwi usiku.

Hatua ya 2: seti mashine, alafu uipime kama inakudanganya

Aplinki ya 900 ni 880 mpaka 915 MHz, simu za mitandao yote zinapiga humo. Sisi tuliweka hivi:

```
Center     897.5 MHz
Span       35 MHz
RBW        30 kHz
Ref Level  -60 dBm
Atten      0 dB
Preamp     On
Detector   RMS
```

Kati ya antena na mashine weka filta inayopitisha 880 mpaka 915 tu. Hii sio hiari. Daunlinki inaanzia 925 na wewe umesimama karibu na mnara unaopiga kwa nguvu, bila filta zile nguvu zinaingia kwenye priampu inazidiwa na inatengeneza vilima vya uongo ndani ya mashine yenyewe, unaweza kuzunguka Mwanga nzima ukitafuta kitu kilichoko mkononi mwako.

Namna ya kujua: pandisha atenyueta kutoka 0 kwenda 10 dB huku unaangalia kioo. Mashine inajifidia yenyewe, kwa hiyo signo ya kweli itabaki kwenye kimo kile kile, ila mstari wa chini unaochemka chemka, ule tunaouita noizi floo, utapanda kama 10 kuifuata. Kilima cha uongo chenyewe kitashuka, na kinashuka sana, mara nyingi kama 20 dB kinapotelea chini. Kikishuka usikifuate, rudi kwenye filta. Hili jaribio linachukua nusu dakika na mimi nalirudia kila nikihama sehemu.

Kingine, chomoa antena funga loadi ya ohm 50 mahali pake, angalia noizi floo ya mashine iko wapi. Yetu ilikuwa -119. Iandike, maana bila hiyo namba huwezi kusema kitu kimepanda.

Hatua ya 3: soma umbo, sio kimo

Hapa ndo wengi wanapotea. Mtu anaweka Max Hold, anasubiri dakika tano, kioo kinajaa, anaanza kufukuza kile kilicho kirefu kuliko vyote, kumbe ni simu ya bodaboda aliyepaki nyuma yake. Max Hold inakumbuka kila simu iliyowahi kupita hapo. Kwa kelele isiyozima, mimi natumia Min Hold. Simu inaongea na kunyamaza, kwa hiyo kwenye Min Hold inajifuta yenyewe, kinachobaki ni kile kisichonyamaza kamwe. Kumbuka tu Min Hold inauvuta mstari wote chini kidogo hata pasipokuwa na kitu, kwa hiyo ile ya loadi nayo ipige kwa Min Hold kwa muda ule ule ndo ulinganishe. Na simu zenu zote za kwenye gari zizimwe kabisa, piga redio kol au tembea.

Tuliposimama mlimani tukaelekeza yagi ziwani, dakika tatu za Min Hold zilituachia kitu kama mgongo wa ng'ombe, umeinuka kama 8 dB juu ya ile ya loadi, umeanzia chini kabisa ya bendi mpaka karibu na 915. Sasa fikiria: sisi tuna kipande chetu tu humo ndani, vipande vingine ni vya mitandao mingine, na mgongo umepita juu ya vyote bila kujali mpaka wa mtu. Simu haifanyi hivyo, simu ya 2G inatoa nguzo ya 200 kHz, ya 4G vibonge vinavyorukaruka upana wake ukiwa ni mafungu ya 180 kHz. Kinachoinua bendi nzima namna hii ni busta, ile mashine ya kuvuta mtandao ndani ya nyumba. Inakuza kelele yake yenyewe hata kama hakuna anayepiga simu.

Hesabu yake ni nyepesi. Busta ya kukuza 70 dB yenye kelele ya ndani 8 dB inatoa kama -43 dBm kwa kila 180 kHz. Ikiwa antena yake ya nje ni yagi inayoangalia mnara wako moja kwa moja, umbali mita 900 hakuna cha kuzuia katikati, ukitoa upotevu wa njiani na kuongeza antena za pande zote mbili unafika mnarani na kama -109. Namba ile ile ya kwenye grafu yetu! Sio ushahidi, lakini ilituambia tusihangaike mbali, tutafute ndani ya kilomita moja hivi.

Hatua ya 4: mwelekeo

Yagi haina ncha kali kama watu wanavyodhani, ukiizungusha pale kwenye kilele mstari unabaki umelala kwa nyuzi nyingi na kila mtu atasema lake. Kwa hiyo usitafute kilele, tafuta kingo. Zungusha kulia mpaka mgongo ushuke 3 dB, soma kampasi, zungusha kushoto mpaka ushuke 3 dB, soma tena, katikati yake ndo mwelekeo. Sisi kingo zilikuwa 340 na 284, katikati 312. Na kampasi usiisomee kwenye boneti ya gari, sogea hatua kumi, chuma kinaivuta.

Kipimo cha pili tulichukulia chini karibu na ghala kubwa la bati na kikatupa nyuzi 20, kitu ambacho hakikuingia akilini. Dogo niliyekuwa naye akasema, "Kaka, tusogee kidogo turudie." Tukasogea hatua thelathini, ikawa 355. Mwelekeo wa kweli ukisogea hatua thelathini haubadiliki hivyo, labda uwe umeshafika mlangoni, hiyo ilikuwa ni mwangwi wa bati. Tukakitupa. Cha tatu tukachukulia sehemu ya wazi upande wa barabara, 265, tukachora mistari miwili kwenye ramani ikakatana nyuma kidogo ya mwalo wanapoanika dagaa.

Hatua ya 5: mita mia za mwisho

Ukikaribia mgongo unajaza kioo na kila upande unaonekana una nguvu sawa. Zima Preamp, weka atenyueta 20 dB, ikibidi shika yagi kifuani upageuzie mgongo wako pale unapopashuku, mwili wako wenyewe unakata signo. Hapo washa na Spectrogram. Mgongo ulikuwa umekaa kama zulia la rangi moja kutoka juu mpaka chini, lakini katikati, karibu na 903, palikuwa na uzi mwembamba unaokwenda ukipinda pinda. Uzi wa namna hiyo ni busta inayojisikia yenyewe, antena ya ndani inarudishia ya nje, kama spika inavyolia maikrofoni ikisogezwa karibu. Ukiona uzi unapinda bila mpangilio ujue kuna watu au milango inapita karibu na antena.

Ilikuwa gesti ndogo. Yagi iko juu ya bati, imefungwa kwenye bomba, inaangalia mlimani kwetu, waya unaingia dirishani, na antena ya ndani ipo dari ya mapokezi chini yake kabisa, kama mita nne. Kila mgeni aliyepita pale kaunta, uzi ulihama.

Hatua ya 6: thibitisha, usikisie

Shikamoo mama, tukajitambulisha, tukaonyesha vitambulisho na kile kioo. Mama mwenye gesti alisema aliuziwa ile mashine sababu wageni walilalamika vyumba vya nyuma hamna mtandao, na hakuna aliyemwambia ina madhara. Tukamuomba aichomoe yeye mwenyewe, huku mwenzetu ofisini anaangalia kelele ya sekta laivu. Akachomoa: -118. Akachomeka: -109. Tukarudia mara tatu, zote sawa. Mara moja haitoshi, inaweza kugongana na kitu kingine kuzima.

Mpaka hapo ndo mwisho wa mamlaka yako. Huruhusiwi kuchukua kifaa cha mtu wala kupanda kwenye paa lake, ripoti yenye picha za kioo na majira inakwenda TCRA. Mama aliacha imezimwa kwa hiari yake, na kwa vile vyumba vya nyuma tulimwombea watu wa mipango waje kupima.

Alafu kabla hatujakunja waya tulirudi mlimani tukapiga Min Hold nyingine dakika tatu, kwa sababu mgongo mkubwa unaweza kufunika mdogo. Ulikuwepo. Nguzo moja nyembamba kwenye 889, mwelekeo wa Gungu, 3 dB tu juu ya floo, haikuwa inaonekana kabisa asubuhi.