Kusahihisha waraka wa ndani uliorudishwa kwa sababu ni mkali na mrefu

Mwezi Juni 2024 niliandika rasimu ya waraka kwa wakuu wa vitengo kuhusu masurufu ya safari ambayo hayakuwa yamerejeshwa, yaani fedha za safari ambazo watumishi walikuwa hawajazitolea hesabu kwa stakabadhi, huku mwaka wa fedha ukikaribia kufungwa tarehe 30. Rasimu ilijaza ukurasa mmoja na nusu. Mkuu wangu aliisoma, akanirudishia akisema, "Uliyoandika ni kweli, lakini umewachapa watu viboko, tena ni ndefu mno." Hatua nilizofuata siku ile ndizo ninazozitumia hadi leo.

Hatua ya kwanza: muulize mkuu ni mstari upi. Neno "mkali" peke yake halitoshi kukuongoza. Mwombe apigie mstari sentensi zilizomkwaza, na akuambie lipi lisiondolewe kwa vyovyote. Wangu alipigia mstari sentensi nne, akasisitiza kwamba tarehe ya mwisho na suala la makato ya mshahara vibaki. Hapo nilijua kwamba hataki agizo lilegezwe, bali anataka lawama zitoke.

Hatua ya pili: andika ombi lako kwa sentensi moja kwenye karatasi nyingine, bila kutazama rasimu: nani afanye nini, kabla ya lini, apeleke wapi. Sentensi hiyo ndiyo itakayofungua waraka mpya. Katika rasimu yangu ombi lilikuwa aya ya tano, baada ya historia ndefu ya vikao na vikumbusho vilivyopuuzwa.

Hatua ya tatu: pitia rasimu sentensi kwa sentensi, ukiandika pembeni herufi moja: T kwa jambo la kutenda, M kwa maelezo ambayo msomaji hawezi kutenda bila hayo, na L kwa lawama. Ifanye kwa kalamu, kwenye nakala iliyochapishwa, kwa sababu kwenye kompyuta mkono hushawishika kurekebisha maneno kabla ya kazi ya kupambanua kwisha. Ukimaliza, futa kila L. Mimi niligundua kwamba zaidi ya nusu ya waraka ilikuwa L, yaani urefu na ukali vilitoka mahali pamoja: kila nilipotaka kuthibitisha kwamba wenzangu wamekosea, niliongeza aya.

Hatua ya nne: geuza hukumu iliyobaki iwe taarifa. Niliandika hivi mwanzoni: "Inasikitisha kwamba kwa mara nyingine tena mmezembea kurejesha masurufu licha ya kukumbushwa mara kadhaa." Neno "mmezembea" linamhukumu hata aliyerejesha siku ya pili baada ya safari, na "kwa mara nyingine tena" linafufua ugomvi wa mwaka uliopita. Taarifa iliyofichwa humo ni hii tu: "Hadi leo, masurufu ya watumishi 9 hayajarejeshwa." Idadi inatosha kuonyesha uzito. Majina ya hao tisa usiyaweke kwenye waraka unaosomwa na wote. Kila mkuu wa kitengo apelekewe ya watu wake peke yake.

Angalia pia usije ukalainisha kupita kiasi. "Mnaombwa, ikiwezekana, kujitahidi kurejesha" si adabu, kwa kuwa msomaji ataelewa kwamba anaweza kuacha. "Tafadhali" moja mwanzoni inatosha, kisha kitenzi kisimame wazi. Matokeo ya kutotekeleza yatajwe kama utaratibu unaomhusu kila mtu, yasiwe kitisho kinachotoka kwako.

Baada ya hapo waraka wangu ulikuwa hivi:

> YAH: MAREJESHO YA MASURUFU YA SAFARI
>
> Tafadhali hakikisheni kwamba watumishi wa vitengo vyenu wanawasilisha fomu ya marejesho pamoja na stakabadhi halisi katika ofisi ya mhasibu kabla ya saa 9:30 alasiri, Ijumaa tarehe 21 Juni 2024.
>
> Hadi leo, masurufu ya watumishi 9 hayajarejeshwa, na hesabu za mwaka haziwezi kufungwa bila hayo. Masurufu yatakayobaki baada ya tarehe hiyo yatakatwa kwenye mshahara kwa mujibu wa kanuni zetu za fedha.
>
> Aliyepoteza stakabadhi amwone mhasibu mapema ili aelekezwe.

Sentensi ya mwisho haikuwamo katika rasimu ya kwanza. Niliiongeza katika hatua ya tano, ambayo ni kumsomea kwa sauti mtu mmoja wa upande wa wanaoandikiwa. Nilimsomea dereva wa ofisi, naye akauliza papo hapo, "Na kama risiti ya mafuta imefutika maandishi?" Lawama zote zile hazikuwa zimejibu swali lililokuwa likiwakwamisha baadhi ya watu.

Unapomrudishia mkuu, ambatisha rasimu ya zamani, na ueleze kwa mistari miwili ulichoondoa na ulichobakiza. Wangu alibadilisha neno moja tu, "hakikisheni" likawa "saidieni kuhakikisha", akatia saini.