Somo: Klipu ya sekunde 35 ndani ya mada ya dakika 15

Tuchukue mfano wa hapa hapa Kigoma. Una dakika 15 za kuongea na wachakataji wa dagaa wa Kibirizi kuhusu kuanika kwenye chanja badala ya mchangani, na kwenye simu una video ya dakika 4. Humo ndani kitu ambacho picha ya kawaida haikionyeshi vizuri ni kimoja tu: mkono wa mama ukizoa dagaa chini, na mchanga ukipanda nao. Hicho ndicho klipu. Salamu na mitumbwi ikiingia, hata vikipendeza, toa.

1. Kata. Kwenye PowerPoint fungua `Insert > Video > This Device`, bofya video, kisha `Playback > Trim Video`. Alama ya kijani ni mwanzo, nyekundu ni mwisho. Anza sekunde mbili kabla ya tendo, macho yazoee. Mwisho ndio wa kuchagua kwa makini, kwa sababu usipoweka tiki kwenye `Rewind after Playing`, picha ya mwisho hubaki ukutani. Mimi ningekata pale kiganja kinapofunguka, dagaa na mchanga vikionekana pamoja. Upepo wa ziwa ukivuma kwenye sauti, `Volume > Mute`.

2. Iweke baada ya tatizo, kabla ya dawa. Hapa ni kama dakika ya 5. Mwanzoni kabisa watu bado wanatafuta viti. Kwenye `Start` chagua `In Click Sequence`, ianze kwa kitufe kilekile cha kusogeza slaidi, usihangaike na kipanya mbele za watu.

3. Maneno. Kabla ya kucheza, wape kazi: "Angalieni vidole vya huyu mama, mtaniambia mmeona nini." Mchanga usiutaje, utakuwa umeshawamalizia. Ikicheza, nyamaza. Ikiisha, endelea kunyamaza mpaka mmoja wao autaje mwenyewe.

Maswali ya wanachama

*Dada, nimekata lakini faili bado ni zito vilevile.*
Kukata huko kunaficha tu. Kipande kingine bado kimo na utakayemtumia anaweza kukirudisha, kwa hiyo kama kuna sura ya mtu asiyetaka kuonekana, ujue yumo. Hifadhi video ya asili pembeni, kisha `File > Info > Compress Media`. Hapo ndipo kinaondoka kweli.

*Shikamoo dada. Kwangu inacheza, ukumbini nikapata sauti tu, picha nyeusi.*
Marahaba. Mara nyingi simu imerekodi kwa HEVC na laptopu ya ukumbini haiwezi kuisoma. Igeuze iwe MP4 ya H.264, halafu ijaribu kwenye mashine ileile ya ukumbini kabla watu hawajaingia.

*Na umeme ukikatika?*
Beba sahani ya dagaa wa mchangani, wapitishiane. Kwa mada hii ningewabeba hata umeme ukiwepo.