Kuweka tangi la 3D kwenye picha ya ua, Kisumu: somo la Blender

Picha tunayoifanyia kazi ilipigwa kwa simu mwezi Machi, saa kumi alasiri, katika ua wa nyumba Mamboleo. Ardhi ni nyekundu na tambarare. Mteja anataka kuona tangi la maji la buluu, lenye urefu wa mita 1.2, likiwa limesimama pale kabla hajalinunua. Kazi nzima ni ya injini ya renda ya Cycles, kwa sababu kinasa kivuli, yaani ardhi isiyoonekana inayopokea kivuli tu, hakipatikani kwenye EEVEE.

Ukiwa uani. Kabla ya kupiga picha, simamisha ufito wa mita 1 ndani ya fremu, kisha upime kivuli chake. Chetu kilikuwa mita 1.1. Gawa urefu wa ufito kwa urefu wa kivuli, tafuta arctan, na utapata jua liko nyuzi 42 juu ya upeo. Kipimo hiki ndicho kitakachokuokoa. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na mwezi Machi, inapokaribia saa saba kasorobo mchana, jua huwa utosini na kivuli hujikusanya miguuni pa kitu. Picha nyingi za mazingira za kupakua zilipigwa nchi zilizo mbali na ikweta, ambako hata adhuhuri jua limeinama. Ukizitumia bila kupima, kivuli kitakuwa cha nchi nyingine na jicho la mtu wa hapa litakikataa.

Kamera. Weka picha kama `Background Image` ya kamera, na vipimo vya renda viwe sawa na pikseli za picha. Soma taarifa za faili ya simu: yetu ilisema milimita 26 kwa kipimo cha kamera ya 35 mm, kwa hiyo `Focal Length` ni 26 na `Sensor Width` ni 36. Tandaza `Plane` ya ardhi, simamisha ufito wa mita 1 wa 3D, kisha sogeza kamera mpaka ufito ule ulale juu ya ule wa kwenye picha.

Mwanga. Kwenye `World` weka `Environment Texture` yenye faili ya HDR, yaani picha ya mazingira inayomulika eneo zima. Poly Haven wanazitoa bure, na ya 4K inatosha. Mimi huchagua yenye mawingu, isiyo na jua kali, ili anga ilete mwanga laini na mng'ao kwenye plastiki, halafu jua lenyewe naliweka kwa taa ya `Sun`. Taa hiyo ikiwa haijazungushwa humulika wima kutoka utosini, kwa hiyo X ni 90 kutoa 42, yaani 48. Kisha zungusha Z mpaka kivuli cha ufito wa 3D kilalie kile cha kwenye picha. Mwisho zungusha Z ya nodi ya `Mapping` ili upande wa anga wenye mwanga zaidi uwe upande wa jua.

Kinasa kivuli. Chagua `Plane`, fungua `Object Properties > Visibility` na uwashe `Shadow Catcher`. Kisha `Render Properties > Film > Transparent`. Usiiache `Plane` na rangi nyeupe: ipe wekundu wa udongo ulioudondoa kwenye picha. Kuanzia Blender 3.0, mwanga unaodunda kwenye kinasa hufika kwenye kitu, na ule wekundu hafifu chini ya tangi ndio unaolifanya lionekane limekanyaga ardhi ya Mamboleo. Ficha ufito wa 3D, renda, kisha unganisha na picha kwa `Alpha Over`.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Nakuru:* Mwalimu, tangi langu lina vivuli viwili.

Ndugu, faili yako ya HDR ina jua lake, nawe umeongeza `Sun`. Badilisha faili, uchukue ya mawingu.

*Mwanachama, Kakamega:* Kaka, nikipitisha picha kwenye compositor inapauka.

Ni `View Transform`. AgX, ambayo imekuwa chaguo la kawaida tangu 4.0, inaigeuza picha ambayo simu ilishaikamilisha. Weka `Standard`. Sehemu za tangi zinazong'aa zikiungua, punguza nguvu ya taa.

*Mwanachama, Busia:* Nimehifadhi, lakini kivuli hakipo na nyuma ni nyeusi.

Umehifadhi JPEG, dada. Haibebi uwazi. Tumia PNG, `RGBA`.

*Mwanachama, Kisumu:* Kivuli changu kiwe cheusi kiasi gani?

Linganisha na kivuli cha ufito kwenye picha. Dondoa rangi ndani ya kila kimoja, katikati, mbali na kingo. Cha tangi kikiwa cheusi zaidi, ongeza `Strength` ya `World` kidogo kidogo. Kikiwa hafifu, ongeza ya `Sun`. Karibu na kitako cha tangi kitazidi weusi, na hiyo ni sawa, maana pale hata mwanga wa anga haufiki.