Damu ya puani: inama mbele, bana, usichungulie

Mtoto wa miaka 7 anaamka usiku, mto umelowa damu. Mama anamwinua kidevu juu, na kweli puani panakauka. Baada ya muda mtoto anatapika damu nyeusi, nyumba nzima inataharuki. Damu haikukoma, ilibadili njia tu: ilishuka kooni ikamezwa, na damu tumboni huleta kichefuchefu. Ubaya mwingine ni kwamba hujui tena imetoka kiasi gani. Akiwa amelegea au hana fahamu vizuri, inaweza hata kumpalia.

Fanya hivi:

1. Mketishe wima, ainamishe kichwa mbele kidogo juu ya beseni. Apumue kwa mdomo, na damu ikifika mdomoni aiteme.

2. Papasa mfupa wa pua, kisha shuka mpaka vidole vifike kwenye nyama laini. Bana hapo, matundu yote mawili. Damu nyingi ya puani hutoka kwenye vimishipa vya ukuta wa kati, karibu kabisa na tundu. Ukibana mfupa, hujavigusa.

3. Tazama saa: dakika 10 kamili. Hapa ndipo wengi tunapoharibu, maana tunaachia kila dakika kuchungulia, na kila tukiachia tunalibandua donge lililoanza kuganda.

4. Achia taratibu. Ikiwa bado inatoka, bana dakika 10 nyingine.

Ikikoma, asipenge wala kuchokonoa pua kwa siku nzima, na asinyanyue vitu vizito.

Nenda hospitali ikiwa imepita nusu saa haijakoma, ikiwa inamwagika kwa wingi, au mgonjwa anapauka, ana kizunguzungu au anapumua kwa shida. Aliyegongwa kichwa au usoni, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, na mtoto aliye chini ya miaka 2, hao usiwasubirishe nusu saa.

Maswali ya wanachama

*Nimebana vizuri na nimeinama, lakini damu inateremka kooni. Nakosea wapi?*
Kwanza hakikisha umebana nyama, si mfupa. Kama umebana sawasawa na bado inateremka mfululizo, huenda chanzo kiko nyuma ya pua, mahali ambapo vidole havifiki. Nenda hospitali sasa.

*Nimsokomezee pamba?*
Usifanye hivyo. Ukiivuta, inang'oa donge na damu inaanza upya. Nyuzi nazo hubaki ndani.

*Na maji baridi utosini?*
Hayazuii damu. Kitambaa baridi juu ya pua hakina ubaya, mradi mkono mwingine haujaachia.

*Mwanangu humtoka karibu kila wiki, lakini hukoma haraka.*
Mara nyingi ni kidole au ukavu. Mpunguze kucha, umpake vaselini kidogo mlangoni mwa pua. Hata hivyo mpeleke akapimwe, hasa kama fizi nazo zinatoka damu au anapata michubuko bila kugongwa.