Jedwali la matokeo ya uchaguzi: mambo ya kuhakikisha kabla hujalisambaza

Kabla ya hesabu yoyote, jua jedwali limetoka wapi. Kwa uchaguzi wa rais nchini Kenya, Fomu 34A ni ya kituo, 34B ni ya eneo bunge na 34C ni ya taifa zima. Jedwali lisilosema limejazwa kutoka fomu ipi, na saa ngapi, liweke kando. Hakikisha pia kama ni matokeo ya mwisho au ya muda, maana jedwali la saa nne usiku na la asubuhi ya pili yake hayawezi kulingana, na hakuna aliyekosea.

Kisha tenga nambari zake katika mafungu, usizikabili zote kwa pamoja. Kuna waliojiandikisha. Kuna kura za kila mgombea. Kuna kura halali, ambazo ni jumla ya kura za wagombea wote na si kitu kingine chochote. Kuna kura zilizokataliwa, yaani zilizokutwa ndani ya sanduku lakini hazihesabiki kwa mgombea yeyote, kwa mfano zilizotiwa alama kwa watu wawili. Na kuna kura zote zilizopigwa, ambazo ni halali na zilizokataliwa zikijumlishwa.

Hapo kwenye kura zilizokataliwa pana mtego. Mpigakura aliyekosea akarudisha karatasi yake kwa karani na kupewa nyingine, ile ya kwanza ni karatasi iliyoharibika. Haikuingia sandukuni, kwa hiyo haina nafasi katika kujumlisha kura zilizopigwa. Lakini mitaani, na hata kwenye vyombo vya habari, zote mbili huitwa kura zilizoharibika. Ukikuta jedwali lenye safu ya jina hilo, uliza kwanza: zilihesabiwa kutoka sandukuni au kutoka kwenye kitabu cha karani? Ukizichanganya, mtu mmoja utamhesabu mara mbili: kwa karatasi aliyoirudisha na kwa kura aliyoitumbukiza.

Sasa hesabu. Chukua kituo cha mfano, nambari za kujifunzia tu: waliojiandikisha ni 612. Mgombea wa kwanza ana 241, wa pili 163, wa tatu 4, wa nne 2. Jumlisha mwenyewe: 410. Hiyo ndiyo iwe nambari ya kura halali. Zilizokataliwa ni 5, basi zilizopigwa ni 415. Gawa 415 kwa 612, zidisha kwa 100, unapata 67.81. Hiyo ndiyo asilimia ya waliojitokeza. Ikiwa jedwali limeandika 66.99, usihangaike kutafuta wizi. Mwandishi amegawa kura halali, 410, akawasahau watu watano waliofika kituoni, wakapanga foleni, wakapiga kura zilizokataliwa. Ni kosa la kawaida kuliko yote, na dalili yake ni kwamba asilimia inakuwa ndogo kidogo tu kuliko inavyopaswa.

Kama vituo ni vingi, acha kalamu, tumia lahajedwali. Weka waliojiandikisha kwenye safu B, wagombea wanne C hadi F, kura halali G, zilizokataliwa H, zilizopigwa I, asilimia J. Kisha fomula tatu:

```
=SUM(C2:F2)-G2
=G2+H2-I2
=ROUND(I2/B2*100,2)-J2
```

Kila moja ikupe sifuri. Isipokuwa sifuri, usirekebishe chochote kwanza. Soma ile tofauti, kwa sababu mara nyingi yenyewe inakuambia kosa liko wapi. Ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, shuku tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Katika kituo chetu, 163 ikiandikwa 136, jumla inapungua kwa 27. 27 ni 9 mara 3, na 3 ndiyo tofauti kati ya 6 na 3, tarakimu zilizobadilishana. Unajua basi utafute nambari yenye tarakimu jirani zinazotofautiana kwa tatu. Tofauti ikiwa sawa kabisa na nambari ya kura zilizokataliwa, mtu amezichanganya na halali au amezitoa mara mbili. Ikiwa sawa na kura za mgombea mmoja, mgombea huyo ameachwa nje ya jumla, na kwa kawaida ni yule wa mwisho, ambaye fomula haikumfikia. Na nambari ya zilizopigwa ikizidi waliojiandikisha, rudi kwenye picha ya fomu yenyewe kabla ya kufungua mdomo. Kituo cha Kenya hakitakiwi kuzidi wapigakura 700, kwa hiyo mstari wenye kura 1,415 karibu kila mara ni tarakimu iliyoongezwa na anayechapa.

Jumlisha mistari, halafu jumlisha safu. Jumla kuu ya pande zote mbili ikutane mahali pamoja.

Tukija kwenye asilimia za wagombea, hapa ndipo watu wazima wenye vyeo wameteleza, basi tulia. Tarehe 15 Agosti 2022 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Kenya, Wafula Chebukati, alitangaza matokeo ya rais. William Ruto kura 7,176,141, asilimia 50.49. Raila Odinga 6,942,930, asilimia 48.85. George Wajackoyah 61,969, asilimia 0.44. David Mwaure 31,987, asilimia 0.23. Ukijumlisha hizo asilimia unapata 100.01. Kesho yake makamishna wanne wa tume hiyo hiyo, wakiongozwa na makamu mwenyekiti Juliana Cherera, walisimama mbele ya kamera wakasema kwamba hiyo 0.01 iliyozidi ni sawa na kura kama 142,000. Nchi ilishika kichwa.

Pima dai hilo hatua kwa hatua. Kwanza, jumlisha kura zenyewe za wagombea wanne: 14,213,027. Asilimia moja ya hizo ni kura 142,130. Asilimia 0.01 ni sehemu moja ya elfu kumi, yaani kura 1,421. Makamishna walikuwa wameikuza mara mia. Kosa hili ni la kila siku: kusahau kwamba 0.01 imeandikwa kwa asilimia, na kwamba kabla ya kuizidisha kwa kura lazima kwanza uigawe kwa mia.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu hata hizo 1,421 hazikuwa kura za mtu. Rudia kugawa, safari hii ukiacha nafasi nne za desimali. Ruto anapata 50.4899, Raila 48.8491, Wajackoyah 0.4360, Mwaure 0.2251. Jumlisha zote: ile ziada imeyeyuka, unabakiwa na 100.0001, na hiyo nayo ukiongeza desimali itaisha. Kilichotokea ni kwamba kila mmoja wa wanne hao, kwa bahati tu, alikadiriwa kwenda juu. Mwaure kutoka 0.2251 kwenda 0.23, Wajackoyah kutoka 0.4360 kwenda 0.44, na wakubwa wawili wakaongezewa chembe. Hizo chembe nne zikikusanywa zinatoa 0.01. Kura hazikuongezeka hata moja. Kilichoongezeka ni wino.

Kwa hiyo weka mpaka wa kuvumilia kabla hujaanza kuhesabu. Ukikadiria hadi nafasi 2 za desimali, kila mgombea anaweza kupotoka kwa 0.005 tu, juu au chini. Wagombea wanne hawawezi kupotoka kwa zaidi ya 0.02 kwa pamoja, na wanane kwa zaidi ya 0.04. 100.01 kwa wagombea wanne ni kawaida. 100.03 kwa wagombea wanne si kukadiria tena, hapo kuna nambari iliyoandikwa vibaya, itafute. Upande wa kura hakuna uvumilivu wa namna hii: kura hazina desimali, tofauti ya kura moja ni kosa.

Angalia pia asilimia imegawiwa kwa nini. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa na asilimia 50.07. Kura zake zilikuwa 6,173,433, na idadi iliyogawia ni 12,330,028, ambayo ndani yake mlikuwa na kura 108,975 zilizokataliwa. Ukizitoa hizo unabaki na halali 12,221,053, na asilimia yake inapanda hadi 50.51. Mtu yule yule, kura zile zile. Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya mwaka huo ilisema kura zilizokataliwa zisiingie katika hesabu hiyo, na ndiyo maana asilimia za 2022 zimegawiwa kwa kura halali. Usiweke basi 50.07 ya 2013 kando ya 50.49 ya 2022 ukasema huyu alimzidi yule. Hazikupimwa kwa kipimo kimoja. Kenya jambo hili linauma kwa sababu mshindi lazima apite nusu. Tanzania Bara na Visiwani kwa kiti cha rais wa Muungano anayeongoza ndiye mshindi, hivyo kigawanyo hakibadilishi mshindi, ila jedwali bado linapaswa kusema ni kipi kimetumika.

Asilimia za kujitokeza za maeneo mbalimbali usizijumlishe ukagawa kwa idadi ya maeneo. Eneo lenye waliojiandikisha 40,000 likijitokeza kwa asilimia 80, na lenye 120,000 kwa asilimia 60, jibu si 70. Kura ni 32,000 na 72,000, jumla 104,000, ukigawa kwa 160,000 unapata 65. Rudi kwenye kura kila mara.

Halafu ujue hesabu hizi haziwezi kuona nini. Kura 100 zikihamishwa kutoka kwa mgombea mmoja kwenda kwa mwingine, jumla ya halali haitikisiki, waliojitokeza hawabadiliki, fomula zote tatu zinatoa sifuri. Ni hivyo hivyo mchapaji akibadilisha nafasi za wagombea wawili kwenye mstari. Kinachoshika kosa la namna hiyo ni kufungua picha ya 34A na kuisoma jina kwa jina, na mwaka 2022 picha hizo ziliwekwa wazi mtandaoni kwa vituo zaidi ya 46,000. Huwezi kusoma zote. Anza na mistari ambayo mgombea amepata zaidi kabisa ya anavyopata vituo jirani, kisha yenye kura zilizokataliwa sifuri huku wapigakura ni mamia, kisha chukua mingine kwa kubahatisha. Angalia sahihi za mawakala, angalia kama nambari iliyoandikwa kwa maneno inalingana na ya tarakimu, angalia jina la kituo, maana shule moja huweza kuwa na vituo vitatu na fomu ya chumba cha pili ikaingizwa mara mbili. Na faili lenye mistari iliyofichwa lifunue lote kwanza.